Mchanganuo wa QR kwa viakisi vya Householder: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miraba midogo zaidi

Tunazungumzia tatizo gani hasa?

Una vipimo vingi kuliko vitu usivyovijua. Tuseme maji yanaingia kwenye tangi, nawe umepima kina mara nne: saa 0, 3, 4 na 7 ukapata desimita 1, 2, 4 na 5. Unataka mstari y = x₁ + x₂t. Vipimo vinne vinatoa milinganyo minne yenye visivyojulikana viwili, na hakuna mstari mmoja unaopita kwenye nukta zote nne. Basi unatafuta x inayofanya urefu wa masalio r = b − Ax uwe mdogo kuliko wote, yaani jumla ya miraba ya tofauti iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Hapa A ni matriksi yenye safumlalo 4 na safuwima 2. Safuwima ya kwanza ni moja tupu, ya pili ni nyakati. Vekta b ina vile vina vinne. Mfano huu tutaukokotoa kwa mkono hapa chini, kwa sababu namba zake zinatoka vizuri.

Nilifundishwa kutatua AᵀAx = Aᵀb. Kuna ubaya gani?

Kwa karatasi na kalamu hakuna ubaya wowote. Ubaya unaingia pale kompyuta inapohifadhi kila namba kwa tarakimu 16 hivi tu. Kila matriksi ina kipimo cha unyeti, ambacho huandikwa κ, kinachoeleza jinsi kosa dogo kwenye data linavyoweza kukuzwa kwenye jibu. Ukiwa na κ ya milioni moja, tarajia kupoteza tarakimu sita hivi kati ya zile 16. Sasa, unapozidisha AᵀA, kipimo hicho kinapandishwa kipeo cha pili. Sita zinakuwa kumi na mbili.

Wala huhitaji matriksi ya ajabu ili yakukute. Chukua data ya kila mwaka kuanzia 2000 hadi 2020, na safuwima mbili tu: ya moja na ya mwaka wenyewe. Kipimo cha unyeti cha A hiyo ni takriban 667,000. Cha AᵀA ni kama 4.5 × 10¹¹. Mstari ulionyooka tu, na tayari umebaki na tarakimu nne hivi za kutegemea. Ongeza safuwima ya mwaka kipeo cha pili, na njia ya AᵀA haina tena la kukuambia. (Dawa ya kwanza hapa wala si QR: toa 2010 kwenye kila mwaka kabla ya kuanza, na κ inashuka hadi karibu 6. Fanya hivyo hata kama utatumia QR.)

Mfano mkali zaidi, ambao wataalamu wa hesabu za kompyuta huuita matriksi ya Läuchli, ni huu:

```
A = [ 1  1
      e  0
      0  e ]
```

Weka e = 10⁻⁸. Ulalo wa AᵀA unapaswa kuwa 1 + 10⁻¹⁶, lakini katika namba za biti 64 kilicho chini ya 1.1 × 10⁻¹⁶ kikijumlishwa na 1 kinamezwa. AᵀA inabaki moja tupu pande zote nne, na matriksi hiyo haina kinyume. Safuwima za A zilikuwa tofauti, na habari ya tofauti yao ilikuwa imehifadhiwa vizuri kabisa ndani ya A. Ni kuzidisha kulikoifuta. Ukishafika hapo, hakuna mbinu ya kutatua milinganyo, hata iwe bora namna gani, itakayorudisha kilichokwisha kupotea.

Kiakisi cha Householder ni kitu gani?

Ni kioo. Ukisimamisha kioo bapa ndani ya nafasi, kila vekta inapata taswira yake upande wa pili, na taswira hiyo ina urefu uleule. Kioo kinaelezwa na vekta moja, v, inayokaa kwa pembe mraba na uso wake. Kuakisi vekta y ni kutoa sehemu yake iliyo upande wa v, mara mbili:

Hy = y − βv(vᵀy), ambapo β = 2 / (vᵀv)

Alston Householder, aliyekuwa maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, alionyesha mwaka 1958 kwamba vioo vya namna hii vinaweza kuigeuza matriksi kuwa ya pembetatu. Unachagua kioo ambacho kinaiangusha safuwima ya kwanza yote juu ya mhimili wa kwanza, hivyo kila kilicho chini ya kipengele cha juu kinakuwa sifuri. Kisha unaiacha safumlalo ya kwanza ilivyo na kurudia kwenye kilichobaki. Baada ya safuwima n umepata R, matriksi ya pembetatu ya juu, na vioo vyote vikizidishwa pamoja ndivyo Q, hivyo A = QR.

Mwaka 1965 Gene Golub alionyesha jinsi ya kuvitumia kwa miraba midogo zaidi. Hoja yake ni fupi: kioo hakibadilishi urefu. Ukiakisi A na b kwa vioo vilevile, urefu wa masalio unabaki uleule kwa kila x, kwa hiyo x iliyo bora haibadiliki. Lakini sasa tatizo limekuwa la pembetatu, na hilo hutatuliwa kwa kuanzia chini kwenda juu.

Nionyesheni hatua kwa hatua kwenye ule mfano wa tangi.

Safuwima ya kwanza ni (1, 1, 1, 1), urefu wake 2. Kuunda v tunaongeza urefu huo kwenye kipengele cha kwanza, kwa ishara ileile ya kipengele hicho: v = (3, 1, 1, 1). Zao vᵀv ni 12, hivyo β = 1/6. Safuwima ya kwanza inageuka (−2, 0, 0, 0).

Safuwima ya pili ni (0, 3, 4, 7). Zao lake na v ni 14, mara β ni 7/3. Toa 7/3 ya v na utapata (−7, 2/3, 5/3, 14/3). Na b, yaani (1, 2, 4, 5), inapita kwenye kioo hichohicho: zao lake na v pia ni 14, na inatoka (−6, −1/3, 5/3, 8/3).

Sasa sahau safumlalo ya kwanza. Kilichobaki cha safuwima ya pili ni (2/3, 5/3, 14/3), na urefu wake ni 5 kamili. Kioo cha pili ni v = (17/3, 5/3, 14/3); kwa kuwa urefu wa v haujalishi, zidisha kwa 3 upate (17, 5, 14). Zao vᵀv ni 510, β ni 1/255. Safuwima inageuka (−5, 0, 0). Sehemu ya b iliyobaki inageuka (−3, 15/17, 8/17).

Tumebaki na hivi:

```
-2 x1 - 7 x2 = -6
       -5 x2 = -3
```

Kwa hiyo x₂ = 0.6 na x₁ = 0.9. Tangi lilianza na kina cha desimita 0.9 na linapanda desimita 0.6 kwa saa. Zile namba mbili za mkiani, 15/17 na 8/17, hazikutumika kupata x, ila usizitupe: urefu wake ndio urefu wa masalio. Miraba yake, 225/289 na 64/289, inajumlisha 1. Hakiki kwa njia ya moja kwa moja: mstari unatoa 0.9, 2.7, 3.3 na 5.1, tofauti ni 0.1, −0.7, 0.7 na −0.1, na miraba yake inafika 1 vilevile.

Kwa nini kuongeza urefu kwa ishara ya kipengele cha kwanza? Kutoa si kungefaa pia?

Kihesabu vioo vyote viwili ni halali. Kimoja kinaipeleka safuwima upande wa chanya, kingine upande wa hasi. Kwenye kompyuta kimojawapo ni mtego. Chukua x = (1, 10⁻⁹). Urefu wake, ukikadiriwa kwa tarakimu 16, ni 1. Ukitoa unapata 1 − 1 = 0, na v inakuwa (0, 10⁻⁹). Kioo hicho hakifuti chochote, kinageuza tu ishara ya kipengele cha pili. Msimbo wako utakiandika sifuri kwa imani, na hapo umeingiza kosa la 10⁻⁹ mahali ambapo kosa la haki lingekuwa karibu 10⁻¹⁶. Ukiongeza, v = (2, 10⁻⁹), hakuna tarakimu zinazofutana.

Mtego wa pili ni wa kimya zaidi. Wengi huandika ishara kwa `np.sign`. Sasa pima nyakati 0, 1, 2, 3, data ya kawaida kuliko zote. Baada ya kioo cha kwanza, kilichobaki cha safuwima ya pili ni (0, 1, 2). Kipengele cha kwanza ni sifuri, `np.sign(0)` inarudisha 0, na v inakuwa x yenyewe. Kioo hicho kinaigeuza x kuwa −x, hakuna kilichofutwa, na kwenye ulalo wa R panabaki sifuri. Mtu anaambiwa matriksi yake haina kinyume, anaanza kulaumu data. Tumia `np.copysign`, ambayo haitoi sifuri kamwe.

Msimbo mfupi ukoje?

```python
import numpy as np
from scipy.linalg import solve_triangular

def miraba(A, b):
    A = np.array(A, dtype=float)
    b = np.array(b, dtype=float)
    m, n = A.shape
    for k in range(n):
        v = A[k:, k].copy()
        s = np.linalg.norm(v)
        if s == 0:
            continue
        v[0] += np.copysign(s, v[0])
        beta = 2 / (v @ v)
        A[k:, k:] -= np.outer(beta * v, v @ A[k:, k:])
        b[k:] -= beta * (v @ b[k:]) * v
    x = solve_triangular(A[:n, :n], b[:n])
    return x, np.linalg.norm(b[n:])
```

Angalia kwamba H haijaundwa popote. Ukiunda matriksi ya m kwa m kwa kila kioo na kuizidisha na A, jibu litakuwa lilelile lakini kazi itaongezeka mara nyingi bila faida. Kila mara zidisha vᵀ na matriksi kwanza, kisha utoe. Na `dtype=float` si pambo: ukimpa namba kamili, NumPy itakataa kutoa sehemu za desimali ndani ya matriksi ya namba kamili.

Kwa kazi ya kila siku usitumie msimbo huu, tumia maktaba. Ndani ya LAPACK kazi hii inafanywa na `dgeqrf`, na `np.linalg.qr` inaita hiyohiyo. Msimbo wa hapo juu ni wa kuelewa kinachotokea.

Q iko wapi? Sikuiona kwenye msimbo.

Haihitajiki. Unachotaka ni Qᵀb, na hiyo umeshaipata kwa kupitisha b kwenye vioo kimoja baada ya kingine. Kuiunda Q nzima ni kosa la gharama kubwa: ukiwa na vipimo 100,000 na safuwima 20, Q kamili ina vipengele 10¹⁰, yaani gigabaiti 80. Vekta za vioo zenyewe zinaingia katika megabaiti 16. LAPACK huziweka chini ya ulalo wa A, mahali ambapo pangekaa sifuri tu, na namba moja ya ziada kwa kila kioo.

Ukihifadhi vioo ili uvitumie baadaye kwa b nyingine, kumbuka mpangilio. Kupata Qᵀb unaanza na kioo cha kwanza. Kupata Q mara vekta fulani unaanza na cha mwisho ukirudi nyuma. Ukivuruga hapo hutaona onyo lolote, kwa sababu urefu wa vekta utakuwa sahihi hata kama vekta yenyewe si sahihi.

R niliyopata ina namba hasi kwenye ulalo, na kitabu kina chanya. Nimekosea?

Hapana. Mfano wa tangi umetoa −2 na −5. Ukibadilisha ishara ya safumlalo ya R pamoja na safuwima inayolingana ya Q, zao QR halibadiliki, na x pia. Unapolinganisha R za programu mbili, linganisha baada ya kuufanya ulalo wote uwe chanya.

Gram na Schmidt nao hutoa Q na R. Mbona msiwatumie?

Njia yao inajenga Q kwa kutoa kwenye kila safuwima kivuli cha zile zilizotangulia. Safuwima zikikaribiana, kutoa huko kunaacha namba ndogo iliyojaa makosa ya kukadiria, na Q inayotoka haina tena pembe mraba kati ya safuwima zake. Kwa njia ya awali upotevu huo unaweza kukua kwa kadiri ya κ kipeo cha pili, ileile balaa ya AᵀA. Njia iliyorekebishwa ni nafuu, hukua kwa kadiri ya κ. Kwa Householder, pembe mraba inalindwa hadi karibu 10⁻¹⁵ hata κ iwe kubwa kiasi gani, kwa sababu kila kioo ni kioo halisi kwa umbo lake. Hakitegemei safuwima za A kuwa mbali mbali.

Basi QR inaokoa kila tatizo?

La. Kinachothibitishwa kuhusu Householder ni kwamba jibu unalopata ni jibu kamili la tatizo lililo jirani sana na lako, lenye A na b zilizosogezwa kidogo tu, kwa kiasi kinachokaribia makosa ya kukadiria. Kama tatizo lako lenyewe ni nyeti, jibu la jirani linaweza kuwa mbali.

Kwa ile matriksi ya Läuchli yenye e = 10⁻⁷, ukiwa na b inayokubaliana kabisa na A, QR inakupa takriban tarakimu nane sahihi, wakati AᵀA inaweza kukosea kwa asilimia kadhaa. Ushindi mkubwa. Lakini masalio yakiwa makubwa, κ kipeo cha pili inarudi kwenye hesabu ya kosa, ikizidishwa na ukubwa wa masalio. Hiyo si hitilafu ya QR, ni tabia ya tatizo: mstari usiofuata data vizuri unayumba zaidi data inapotikiswa. Wanaodai kwamba QR huondoa kabisa κ kipeo cha pili wanakuwa wamesahau nusu hii.

Hali ya pili ni safuwima zinazotegemeana. Kosa la kawaida: unaweka safuwima ya moja tupu, safuwima ya wanaume (1 au 0) na safuwima ya wanawake (1 au 0). Mbili za mwisho zikijumlishwa zinatoa ya kwanza. Kwenye R, kipengele cha tatu cha ulalo kingepaswa kuwa sifuri, lakini makosa ya kukadiria yanakiacha kikiwa kama 10⁻¹⁶. Ukigawanya kwa hicho unapata majibu ya aina ya 10¹⁵, moja chanya na nyingine hasi, zinazofutana. Ukiona namba kubwa za ishara pinzani, tazama ulalo wa R kabla ya kitu kingine chochote.

Dawa ni kubadilishana safuwima: kabla ya kila kioo, lete mbele safuwima ambayo sehemu yake iliyobaki ni ndefu kuliko zote. Katika SciPy ni `scipy.linalg.qr(A, mode='economic', pivoting=True)`. Ulalo wa R sasa unashuka kwa ukubwa, na panapotokea mporomoko wa ghafla ndipo unapokata. `lm()` ya lugha ya R nayo inatumia Householder, na safuwima inayotegemea nyingine inaiandikia `NA`. Kwa kazi nyeti sana `np.linalg.lstsq` haitumii QR peke yake, inafika hadi thamani za pekee. Ni ghali zaidi, lakini inatoa uamuzi ulio wazi zaidi kuhusu kipi kihesabiwe sifuri.

Gharama ikoje?

Kwa vipimo m na safuwima n, QR ya Householder inakula takriban operesheni 2mn² − 2n³/3, na AᵀA ikitatuliwa kwa mchanganuo wa Cholesky mn² + n³/3. Vipimo vikiwa vingi kuliko safuwima kwa mbali, QR ni karibu mara mbili. m ikilingana na n, ni sawasawa kabisa. Kwa vipimo 100,000 na safuwima 20, hiyo mara mbili ni operesheni milioni 80 dhidi ya milioni 40. Kwa kompyuta ya leo hutaisikia.

Nitajuaje kwamba msimbo wangu uko sawa?

Kagua mambo mawili. Kwanza Aᵀr: masalio ya jibu sahihi hukaa kwa pembe mraba na kila safuwima ya A. Kwenye tangi, r = (0.1, −0.7, 0.7, −0.1); jumla yake ni 0, na zao lake na nyakati ni −2.1 + 2.8 − 0.7 = 0. Pili, linganisha urefu wa mkia wa Qᵀb na urefu wa r uliokokotolewa moja kwa moja. Visipolingana, kuna kioo kilichopita kwenye A na hakikupita kwenye b.

Usijaribu kwa data kamilifu pekee. Watu hutengeneza x, wanazidisha b = Ax, kisha wanafurahi x inaporudi. Lakini b ya namna hiyo haina masalio, na kwa tatizo lisilo na masalio hata hatua zisizolinda urefu, kama kutoa safumlalo moja kwenye nyingine kwa njia ya Gauss, zitarudisha x ileile. Ongeza kelele kwenye b, angalau kiasi cha asilimia moja, ndipo uangalie Aᵀr.